Ufa Niliouacha Uangaliwe

Mimi ni mwoga, na afadhali niseme mapema ili msomaji asije akanitafutia sifa nyingine. Watu wa kazi yangu hujifanya hawaogopi. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, wakakohoa kidogo, wakasema "hii iko sawa," kisha wakauliza kama chai iko. Mimi nikigonga ukuta huwa nimeshaangalia mlango uko wapi.

Uoga huo niliupata Embu, kule chini kwenye joto, mwaka wangu wa kwanza nikiwa mkaguzi msaidizi wa majengo ya serikali. Tulipelekwa kwenye ghala la mawe la siku nyingi, lenye ufa uliopanda kutoka dirishani hadi karibu na paa. Nilikuwa nimetoka chuoni na nilijua kila kitu. Niliutazama ufa ule mara moja tu, asubuhi moja, nikatangaza kwamba msingi umezama. Nikaagiza ukuta uchimbwe chini, tumwage zege chini ya msingi wa zamani ili uketi mahali pagumu. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi, hatua moja hapa na hatua moja kule mbali, na kipande cha jirani hakiguswi mpaka zege ya kile cha kwanza iwe imekauka na kushikana na ukuta. Sisi tulikuwa na haraka. Tulifungua vipande vitatu vilivyofuatana. Saa nne asubuhi ukuta ulishuka, na fundi mmoja alikuwa shimoni. Alitolewa akiwa hai, lakini mguu wake wa kushoto ulikatwa hospitalini.

Siku mbili baadaye nilirudi kuyatazama mawe yaliyoanguka. Kingo za ule ufa zilikuwa nyeusi kwa moshi, zimeingiwa na chokaa ya zamani na utando wa buibui hadi ndani kabisa. Ufa mpya huwa na kingo safi, rangi ya jiwe lililovunjwa jana. Huu ulikuwa umekaa pale miaka na miaka bila kusogea hata unywele. Ukuta ule haukuhitaji chochote kutoka kwangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini ufa niliouona mara moja.

Miaka ilipita, nikahamishiwa Meru. Nikaoa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwao ni upande wa Ruiri, tukapanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Kinoru. Ndipo mezani kwangu ikafika barua kutoka zahanati ya kanisa iliyokuwa mwendo mfupi kutoka kwa wakwe zangu. Ilikuwa na mistari mitatu. Wodi ya akina mama wa kujifungua ina ufa. Ufa unakua. Tafadhali njoo.

Nilifika mwezi wa Februari, jua kali, vumbi hadi kwenye meno. Wodi ilijengwa na wazungu wa misheni zamani za ukoloni, mawe ya kuchonga, paa la mabati mazito, vitanda vinane. Ufa ulianzia kwenye kona ya juu ya dirisha la mwisho, ukapanda kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe hadi kwenye pembe ya jengo. Chini ulikuwa mwembamba, juu ukawa mpana, ishara kwamba pembe ile ilikuwa ikishuka na kujivuta kutoka kwa wenzake. Niliweka kipimo mahali palipo wazi zaidi. Milimita nne. Kingo zake zilikuwa safi. Niliogopa na sikuona haya, kwa sababu chini ya pembe ile alikuwa amelala msichana aliyejifungua alfajiri, mtoto kwapani, wote wawili wakikoroma.

Muuguzi mkuu tulimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuendesha soko zima. Alinifuata nje akijipangusa mikono.

"Injinia, niambie kitu moja tu. Niwatoe ama nisiwatoe?"

Mimi si injinia na nilimwambia hivyo. Hakujali.

"Ukisema niwatoe, nitawatoa leo. Lakini ujue wanaenda wapi. Hospitali kubwa iko Meru mjini. Mvua ikinyesha hii barabara hakuna gari inapita. Mwaka jana, mmoja alizalia hapo kwa daraja. Mtoto hakukaa."

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu, na sikulitaka. Nikisema wodi ifungwe, akina mama watazalia njiani. Nikisema ibaki wazi na pembe ianguke, itawaangukia wakiwa wamelala. Nikisema tuchimbe chini ya msingi, nilikuwa nimeshaona kile kinachoweza kutokea. Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba itanichukua mwaka mzima kujua. Aliniangalia kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka natamani kuketi chini.

"Mwaka," alisema. "Na hawa wazae wakishikilia ukuta?"

Nilimweleza nilichoweza. Tulichimba shimo dogo la kuchungulia, jembamba, mbali kidogo na pembe, tukaona msingi wa mawe ulioishia futi mbili na nusu tu. Wazee wa misheni walikuwa wameujenga juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka mpaka ardhi inapasuka na kumeza kiatu. Hatua kumi na tano kutoka pembeni ilisimama mikaratusi mitatu mikubwa, nayo mikaratusi inajulikana kwa kiu. Basi huenda jengo linapanda na kushuka na majira, ufa unafunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, na halina ugonjwa zaidi ya huo. Au huenda pembe inashuka kila mwaka kidogo na hairudi, na hapo hakuna njia ila kuchimba. Ukiutazama ufa siku moja, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Tofauti yake huonekana tu baada ya mvua mbili na viangazi viwili.

Sikuwa mjinga wa kungoja mikono mitupu. Tulihamisha vitanda viwili vya pembeni. Tuliegemeza miti minene chini ya linta, boriti iliyo juu ya lile dirisha. Nikaandika sheria kwa herufi kubwa na kuibandika ofisini kwa Sista: ufa ukiongezeka milimita moja ndani ya wiki moja, au ukifika milimita kumi siku yoyote, kila mtu atoke na nipigiwe simu. Kisha nikatoboa mawe na kukaza skrubu tatu za shaba, mbili upande mmoja wa ufa na moja upande wa pili, ili kipimo kionyeshe kama ufa unapanuka na pia kama upande mmoja unateleza chini ya mwingine. Ufa wenyewe nilikuwa nimeshaupima, kwa hiyo kila kitakachoongezeka kati ya skrubu ndicho kitakachokuwa kimeongezeka ufani. Nilichora pia alama tisa kuzunguka sehemu ya chini ya ukuta, nizipime kwa leveli, ile darubini ya kupimia kimo, kila baada ya miezi mitatu dhidi ya mwamba uliochomoza nyuma ya kanisa. Mwamba ule hauendi popote.

Kilichobaki kilikuwa mtu wa kusoma skrubu kila Jumatatu. Sista alinipa mlinzi wa zahanati, mzee wa kanisa, mwembamba, aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya trekta katika shamba la mzungu, na kipimo cha vernia, kile cha kusoma sehemu za milimita, alikishika vizuri kuliko vijana wangu wa ofisini. Nilimwonyesha mara mbili. Asubuhi saa mbili, kabla jua halijapasha mawe. Aandike tarehe, kipimo, na kama mvua ilinyesha. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na gari la ofisi likinipigia honi. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha huku, na maneno yale nayakumbuka moja moja.

"Mzee, hii ufa nakuachia. Uiangalie vizuri."

"Nitaiangalia," alisema. Akavua kofia kabisa.

Masika ilikuja na ufa ukaanza kujifunga. Barua za mzee zilifika kila mwezi, zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya mistari, mwandiko wa kulala upande. Tatu nukta moja. Mbili nukta nne. Mwishoni mwa Mei, moja nukta sita. Niliporudi na leveli, pembe ilikuwa imeinuka karibu yote iliyokuwa imeshuka. Nilianza kupumua. Lakini udongo mweusi ukivimba si ajabu. Shida ni kiangazi, pale tutakapoona kama utarudi palepale ulipokuwa au utapita. Juni mvua ilikoma. Nikawa nangoja namba zipande.

Hazikupanda. Julai, moja nukta nane. Agosti, mbili kasoro. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukichukua vumbi la eneo zima la Buuri na kutumwagia mjini, ng'ombe wa wakwe zangu walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta maji, na ufa ulikuwa umetulia kimya. Nilifurahi kama mjinga. Nilikaa ofisini nikaanza kuandika taarifa: jengo limetulia, vitanda virudishwe, hakuna haja ya kuongeza msingi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili. Uoga wangu ndio ulioniokoa, kwa sababu mimi ni mwoga kama nilivyosema, na mwoga hapeleki taarifa kabla ya kwenda kupima tena.

Nilienda mwanzoni mwa Septemba. Niliiweka leveli na kuzisoma alama tisa. Alama nane zilikuwa zimeshuka milimita tatu au nne, kama inavyotakiwa wakati wa kiangazi. Alama ya pembeni ilikuwa imepanda tano. Nilirudia. Nikahamisha leveli na kurudia tena. Ile ile. Kisha nikaingia ndani na kuona, juu ya dirisha la pili, ufa mwingine mwembamba kama uzi, ambao haukuwepo mwezi wa Mei.

Siwezi kueleza hofu ya kuona jengo likifanya kitu ambacho udongo haufanyi. Ukuta unaoshuka unaeleweka. Ukuta unaopanda mahali pamoja, katikati ya ukame, ulinifanya nijihisi kama ninasimama juu ya mnyama. Nilimwambia Sista awatoe akina mama wote hadi jioni nitakapojua, na wakatolewa, sita, wakakaa chini ya turubai na watoto wao wakinitazama. Mmoja alikuwa katika uchungu. Alikuwa akitembea huku na huku akishikilia kiuno, na kila akinipita nilijisikia mwizi.

Nilizunguka hadi pembeni. Nyasi za uwanja wote zilikuwa zimekufa, rangi ya mkeka. Chini ya pembe ile palikuwa na nyasi za kijani, mbichi, na kuku wa jirani wakiparua tope. Tope, mwezi wa Septemba. Nikajiambia bomba limepasuka. Nilichimba kwa mikono yangu mwenyewe mpaka shimo likanifika mbavuni, nikafuata unyevu kila upande. Hapakuwa na bomba. Jengo lile halijawahi kuwa na bomba. Maji yalichotwa kwenye tangi nyuma ya jikoni.

Nilikuwa bado shimoni mzee alipokuja na beseni la maji ya kuogeshea watoto, yenye povu. Aliniona, akasimama, akangoja kwa adabu nitoke.

"Mzee," nilisema, "hiyo maji unapeleka wapi?"

"Ya ukuta."

"Ukuta gani?"

"Hii yako, injinia. Hii uliniachia." Aliliweka beseni chini taratibu lisimwagike. "Asubuhi naipatia mbesheni tatu. Mvua ilipoacha, ikaanza kufunguka. Nikaona, ahaa, hii ukuta iko na kiu. Wakati wa mvua ilifunga vizuri. Sasa nikaipatia maji ya watoto, kwa sababu ya tangi hatuwezi maliza. Na ikafunga. Si nilikuandikia?"

Nilibaki nimeshika ukingo wa shimo. Alikuwa ameniandikia, ndiyo. Namba zake zote zilikuwa za kweli, hata moja haikuwa ya kubuni. Huku kwetu mtu akikuachia ng'ombe na kukuambia umwangalie, hukai kumtazama akifa njaa. Unamlisha, unamnywesha, unamtoa kupe. Mtoto anaangaliwa hivyo, mgonjwa anaangaliwa hivyo. Mimi nilikuwa nimemwambia aangalie ufa, nikimaanisha atazame tu na asiuguse. Yeye akauangalia.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na naona aibu kusema kwamba nilimfokea. Nilimwambia ameharibu miezi mitatu ya kazi. Nilimwambia amelivimbisha jengo upande mmoja mpaka limepasuka pengine, na kwamba angeendelea hadi Oktoba pangetokea maafa. Mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya akina mama sita. Alilinyanyua beseni, akaenda kulimwaga mbali kwenye mikaratusi, akarudi, akasimama palepale.

"Basi unifundishe tena," alisema. "Neno kwa neno."

Nilimfundisha tena. Nilimwomba msamaha pia, lakini siku iliyofuata, na hiyo haihesabiki sana. Akina mama walirudi ndani kabla ya jua kuzama, na yule wa uchungu alijifungua salama. Ule uzi juu ya dirisha la pili ulijifunga wenyewe udongo ulipokauka.

Ukweli ni kwamba mabeseni yale yalinipa jibu ambalo mwaka mzima wa kungoja pengine usingenipa waziwazi namna ile. Maji yakiingia ardhini, pembe inapanda na ufa unafungwa. Yakikauka, unafunguka. Basi ugonjwa ulikuwa kiu ya udongo, kama alivyosema mzee, wala si msingi uliokufa. Lakini kujua sababu hakukuniambia kama pembe inarudi palepale kila mara au inapoteza kidogo kila mwaka. Kwa hilo ilibidi nianze kuhesabu upya, na kuhesabu upya kulikuwa na maana kwamba akina mama watalala chini ya ukuta nisioujua kwa mvua na viangazi vingine. Sista aliposikia alicheka bila furaha.

"Sasa ni mwaka wa pili wa kungoja," alisema. "Ukuta ukianguka, angalau tutakuwa tumeandika tarehe."

Sitaeleza kila Jumatatu. Nitasema tu kwamba kila simu ya ofisi ilipolia nilisimama kabla ya kuishika. Februari ufa ulifunguka mpaka nne nukta moja. Mei ukarudi moja nukta saba. Septemba, nne nukta mbili. Baada ya mvua za Novemba, moja nukta saba tena. Alama za chini ya ukuta zilishuka na kupanda na kurudi zilipokuwa, tofauti isizidi milimita moja, ambayo hata mkono wangu kwenye leveli unaweza kukosea. Skrubu ya tatu haikuonyesha upande wowote kuteleza. Timazi ilionyesha pembe imesimama wima kama mwaka uliopita.

Desemba niliandika barua ya taarifa. Msingi usichimbwe. Mabati yawekewe mifereji, maji yapelekwe mbali na ukuta. Sakafu ya zege yenye mteremko ijengwe kuzunguka jengo ili udongo wa chini usinywe na kukauka kwa fujo. Mikaratusi isikatwe ghafla, maana udongo uliozoea kunyonywa utavimba. Ipunguzwe matawi kidogo kidogo. Ufa uzibwe kwa chokaa, wala si kwa saruji, kwa sababu chokaa hukubali kusogezwa. Vitanda viwili virudishwe pembeni. Jengo ni salama kutumika. Nikatia sahihi.

Nilipompelekea Sista nakala aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaikunja.

"Mke wako ana mimba ya miezi saba," alisema. "Mama yake alinieleza kanisani. Anakuja kuzalia hapa kwetu, si ndiyo? Karibu na mamake."

Nilisema kwamba tumepanga hospitali ya mjini. Nilisema ni karibu na nyumbani. Nilisema mengine pia. Sista alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, akafungua droo, akaitia barua yangu ndani, akaifunga droo.

Kwa kweli nilikuwa nimempangia mke wangu mjini tangu mwezi wa tatu wa mimba. Mama mkwe alikuwa ametuma habari mara mbili kwamba mtoto wa kwanza azaliwe karibu naye, na kwa kuwa adabu zetu haziniruhusu kubishana na mama mkwe, nilikuwa nikimpa mke wangu sababu za kupeleka kwao: barabara, vumbi, damu ya akiba. Sababu ya kweli sikuwa nimeisema hata moyoni. Jioni ile nilimsimulia mke wangu nilivyoulizwa na Sista, nikitarajia acheke. Alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa la tano.

"Uliandika ni salama?" aliuliza.

"Niliandika."

"Ni salama?"

Nilimwelezea udongo, skrubu, viangazi viwili. Alingoja nimalize, kama anavyomngoja mtoto aliyesahau jibu.

"Basi nitazalia huko," alisema. "Na kama huwezi nipeleka huko, kesho asubuhi uende ubadilishe hiyo barua. Hao wengine pia ni wake za watu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye giza la jioni. Kisha nikarudi na kuzitoa karatasi zote, za mzee na zangu, nikazipitia upya mezani hadi taa ikaanza kutoa moshi. Nilikuwa nikitafuta kosa. Naungama kwamba nilitamani kulipata. Ningelipata, ningebadilisha barua na mke wangu angezalia mjini na nisingekuwa mwongo. Sikulipata. Namba zilikuwa namba.

Uchungu ulimshika mwisho wa Februari, kiangazi kikavu, wakati ule hasa ambapo ufa hufunguka kuliko wakati wote. Mifereji ilikuwa imeshawekwa, lakini zege ya kuzunguka jengo ilikuwa haijamwagwa upande mmoja, na ufa haukuwa umezibwa. Wodi ilikuwa imejaa. Kitanda kilichobaki wazi kilikuwa cha pembeni.

"Ni wewe uliandika virudishwe," Sista alisema, akamsaidia mke wangu kupanda.

Wanaume hawakuruhusiwa ndani. Nilisimama nje, upande wa pili wa ukuta uleule, vernia mkononi. Nilipima. Nne nukta mbili. Nilimsikia akipiga kelele ndani nikapima tena, kana kwamba sauti ya mtu inaweza kusukuma mawe. Jua lilikuwa limeshapasha ukuta, na mimi mwenyewe ndiye niliyekataza kupima saa hizo, lakini nilipima. Mzee alikuja na koti lake, akasimama karibu nami. Kipimo kikawa kinagongana na skrubu kila nilipokiweka. Mwishowe alikichukua kutoka mkononi mwangu, akanisomea yeye, kila nilipomwomba, saa tatu nzima, sauti ileile, namba ileile. Mtoto alipolia, nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ufa.

Sista alinifungulia mlango baadaye. Mke wangu alikuwa amelala chini ya pembe, uso umemvimba, binti yetu kifuani. Niliinama karibu naye.

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Nne nukta mbili."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Alifumba macho, akashusha pumzi, na mabega yake yakalegea juu ya mto. Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameogopa saa zote zile, akizaa huku akiutazama ukuta, na kwamba kilichomweka pale ni barua yangu tu.